"Unaweza kumnywesha maji?": swali lililotuweka wodini siku 11

Mama yangu alipatwa na kiharusi Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, alfajiri, nyumbani kwake Mchinga. Ulikuwa msimu wa korosho, majirani wengi walikuwa wameshaondoka kwenda kuokota kabla jua halijawa kali, na aliyemkuta ni binti wa jirani aliyekuja kuomba moto. Alimkuta ameketi kwenye kizingiti, kanga imemdondoka bega la kushoto naye hajali, anaongea maneno yanayoteleza. Nilipigiwa simu mjini Lindi saa 12 kasoro. Tukakodi Noah, na saa 2 asubuhi tulikuwa kwenye benchi la hospitali.

Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayekaa kwenye benchi kama lile na mzazi wake. Dawa na vipimo siwezi kuvieleza, si kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ninachoweza kukieleza ni neno "unaweza", namna lilivyotupiga mara mbili kwa siku moja, na namna ninavyolitumia sasa.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana mwenye adabu, peke yake, na foleni ilifika hadi kwenye mlango wa nje. Alimwamkia mama, akapima presha, ikawa juu mno. Nikamweleza habari ya maneno kuteleza. Akavuta faili, akaanza kuuliza huku anaandika.

"Bibi, unaweza kuinua mikono yote miwili?"

"Naweza, mwanangu."

"Na miguu?"

"Naweza."

Kalamu ikatembea. Mikono ya mama ilikuwa imelala juu ya mapaja, na haikusogea hata kidole. Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake, nikaviona vyote viwili, mikono iliyotulia na kalamu inayoandika, na sikusema kitu. Nilidhani daktari atarudia. Nilidhani labda ameona jambo ambalo mimi sikuliona. Karatasi iliyotupeleka wodini ilisema kiharusi chepesi, mikono na miguu inafanya kazi.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na sehemu yake ni yangu. Daktari aliuliza swali kwa maana ya kuomba kitendo: alitaka mikono iinuke. Mama akasikia swali tupu, akalijibu kama lilivyo. Na kwa mama yangu lile swali lilikuwa na uzito mwingine, ambao kijana aliyekulia mbali na pwani hii huenda hakuujua. Kwa wazee wetu, "hawezi" ni mgonjwa. Ukifika kwa mtu ukaambiwa "Bibi hawezi," huulizi hawezi nini. Unavua viatu, unaingia kumpa pole. "Siwezi leo" maana yake mwili hauko sawa. Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa Mchinga "unaweza?", nusu ya sikio lake inasikia "u mzima?" Na mzee aliyezoea kwenda shamba mwenyewe, akiulizwa mbele ya kadamnasi na mtu wa umri wa mjukuu wake, anajibu kwa heshima yake: naweza.

Saa 8 mchana tulikuwa tayari kitandani. Nesi wa wodi alipita na faili, akauliza jina, umri, dini, ndugu wa karibu. Kisha, macho yake yakiwa kwenye karatasi:

"Unaweza kumnywesha maji, dada?"

"Haya," nikasema.

Akaandika, akaenda kitanda cha pili. Nami nikachukua kikombe cha plastiki, nikakijaza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, nikaweka mkono chini ya kichwa cha mama, nikamnywesha. Alikuwa amelala, hakuketi. Funda la kwanza lilipita. La pili akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipotulia sauti yake ilikuwa imebadilika, imelowa, kama ya mtu anayesema huku maji yamebaki kooni. Nikampigapiga mgongo, nikamwambia pole mama, pole. Nikangoja kidogo, nikampa tena. Kwa sababu niliambiwa nimnyweshe, au nilidhani nimeambiwa.

Siku ya tatu homa ilipanda, pumzi zikawa fupi za harakaharaka, na upande mmoja wa kifua ukawa unakoroma. Homa ya mapafu. Wakampitishia mpira puani wa kumlishia, wakaanza dawa za sindano. Badala ya siku chache tulizotarajia, tulikaa 11. Dawa mbili hazikuwepo dirishani siku ile, tukanunua nje. Chakula, nauli na dawa vilinimalizia shilingi 310,000 ambazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya bati. Fedha nimeshazisahau. Sijasahau ile sauti iliyolowa, kwa kuwa ilikuwa inaniambia kitu, na mimi nikaifunika kwa maji zaidi.

Wiki iliyofuata, mama alipoanza kupata nafuu, nilimfuata yule nesi. Sikwenda kugombana. Nilimuuliza siku ile alitaka nini. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mimi niliuliza tu, dada. Nilitaka kujua kama anameza, ili nijue apewe mpira au la. Wewe ukasema 'haya', nikaandika anameza."

Swali lake lilikuwa swali kweli. Mimi nikalisikia kama ombi. Asubuhi yake daktari alikuwa ameomba, na mama akasikia swali. Neno lilikuwa moja, likatupotosha kila mara kwa upande wake.

Nimeomba ruhusa ya kulichambua jambo hili kwa sababu limo katika kile nilichosomeshwa. Chuoni tulipitia somo la pragmatiki, yaani namna maana ya usemi inavyotegemea mazingira yake, na humo tulisoma kuhusu mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, ambaye mwaka 1975 aliandika juu ya matendo uneni yasiyo ya moja kwa moja, pale mtu anaposema jambo moja kwa nia ya jingine. Mfano unaotajwa sana ni wa mezani: mtu anamuuliza mwenzake kama anaweza kumpitishia chumvi. Umbo lake ni swali la ndiyo au hapana. Lakini chumvi iko karibu, mkono upo, mwulizaji anajua kabisa kwamba mwenzake anaweza. Kwa kuwa jibu linajulikana, msikilizaji anaona kwamba haiwezekani huyu anatafuta jibu, basi anatafuta chumvi. Akisema "ndiyo" halafu akaendelea kula, amejibu maneno akaacha nia.

Niliujua mfano huo, nikaufanyia mtihani, nikafaulu. Nisichowahi kukifikiria ni kwamba ule mruko kutoka swali kwenda ombi unategemea jambo moja: uwezo uwe dhahiri. Mezani uwezo ni dhahiri. Dukani ni dhahiri. Ukiniambia "unaweza kunisogezea kiti hicho?" sihitaji kupima chochote, nasogeza. Hospitalini, hasa kwa mgonjwa wa kiharusi, uwezo wenyewe ndio unaotafutwa. Daktari hajui kama mkono unainuka, nesi hajui kama koo linameza. Swali linabaki swali halisi na wakati huohuo linaweza kuwa ombi, na ile alama tunayoitegemea siku zote kutuambia ni lipi haipo. Yule nesi hakukosea sarufi, wala mimi sikukosea. Tulikutana mahali ambapo sarufi haisaidii.

Siku ya tatu, kabla homa haijapanda, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Raundi ya Jumatano ilikuwa imeshagundua kwamba mkono wa kushoto umelegea, ndipo akaitwa. Nilimtazama anavyofanya kazi, na hapo ndipo nilipojifunza.

Hakutumia "unaweza" hata mara moja. Alianza kwa kumwamkia mama, kisha akasimama mbele yake bila kuonyesha kitu kwa mikono, akasema: "Mama, fumba macho." Mama akafumba. "Fumbua." Akafumbua. "Fumba ngumi ya mkono wa kulia. Achia." Mama akafanya. Baadaye alinieleza kwamba hapo alikuwa anapima kuelewa tu: amri fupi, bila ishara, kwa sababu ukionyesha kwa mkono mgonjwa anaweza kukuiga bila kuelewa neno hata moja.

Alipokwisha kujua kwamba mama anaelewa, akabadilisha. Sasa akaonyesha kwa mikono yake mwenyewe: mikono mbele, viganja vikitazama juu. "Fanya hivi. Sasa fumba macho, tuhesabu mpaka 10." Akamsaidia kuinua wa kushoto mpaka ukalingana na wa kulia, kisha akauachia. Wa kulia ulibaki hewani. Wa kushoto ulianza kushuka tulipofika tatu, kiganja kikigeukia ndani polepole, kama mtu anayemwaga maji, na tulipofika tano ulikuwa umeshalala pajani. Mama alikuwa bado amefumba macho. Yule mtaalamu akamuuliza, "Mikono iko wapi, mama?" Mama akasema, "Si hii hapa juu."

Nilihisi ubaridi mgongoni. Mama hakuwa anaficha. Alikuwa anaamini mkono uko juu.

Mtaalamu alinieleza nje, kwenye korido. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mwili unaolegea ni wa kushoto, na baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo hawatambui kwamba upande ule umelegea. Ukimuuliza mgonjwa kama huyo "unaweza?", atakujibu "naweza" kwa moyo mweupe. Wapo wengine ambao kiharusi kimewapiga upande wa kushoto wa ubongo na kuharibu lugha. Hao wanaweza kujibu "ndiyo" kwa kila utakalouliza, hata ukiwauliza kama wao ni samaki. Na wapo kama mama alivyokuwa asubuhi ile ya kwanza, ambaye huenda alikuwa anajibu swali aliloulizwa, au analinda heshima yake, au hajui. Jibu moja, "naweza", sababu tatu au nne nyuma yake, na huwezi kuzitenganisha kwa kuuliza tena. Unazitenganisha kwa kumpa kitendo cha kufanya, kisha unakaa kutazama.

Akaniongezea hili, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote. Ukisema "unaweza kuinua mkono?" na mkono usiinuke, hujapata habari yoyote. Labda hakusikia. Labda hakuelewa. Labda ameelewa, hana nguvu. Labda amekujibu kwa mdomo na anaona kazi imekwisha. Ukisema "inua mkono" na usiinuke, lile la mwisho limeondoka, na kama kabla ya hapo alifumba macho ulipomwambia, la kwanza na la pili yameondoka pia. Limebaki moja: nguvu.

Nilimuuliza kuhusu maji, kwa sababu lilikuwa linanikaa rohoni. Akasema kumeza hupimwa na mtu aliyefundishwa, kabla mgonjwa wa kiharusi hajapewa chochote mdomoni, hata kidonge. Mgonjwa awe macho kabisa, aketishwe wima. Apewe maji kijiko cha chai kimoja, asubiriwe, asikilizwe sauti, kisha kingine. Akikohoa, au sauti ikilowa, au pumzi ikibadilika, inaachwa hapohapo. Na wapo ambao maji yanaingia mapafuni bila kukohoa hata kidogo, ndiyo maana ndugu kumpima kwa kikombe si kipimo. Niliyoyafanya mimi yalikuwa kinyume cha kila kimoja: kalala, kikombe kizima, na aliposhindwa nikarudia.

Hapo katikati kuna kisa kidogo cha simu, nakitaja kwa sababu kilinionyesha kwamba hata watu wazima wenye afya, ndugu wa tumbo moja, wanaangukia shimo hilohilo. Jumamosi nilimwandikia kaka yangu aliye Dar es Salaam: "Kaka, unaweza kutuma laki leo? Kuna dawa ya kununua nje." Akajibu mara moja: "Naweza." Nikashukuru moyoni, nikaenda kusimama karibu na duka la dawa. Saa 10 hakuna kitu. Saa 12 jioni hakuna. Niliona haya kumsumbua. Usiku akanipigia yeye, ana hasira kidogo: "Mbona huniambii nitume kwa namba ipi? Nimekaa na hela tangu mchana." Simu yangu ya pesa ilikuwa imeharibika wiki ile, naye alijua, akawa anangoja nimwambie nitatumia ya nani. Mimi niliomba, yeye alijibu swali. Dawa tukaipata Jumapili asubuhi.

Nilipokuwa nimekaa pale wodini usiku nikakumbuka jambo jingine la darasani. Herbert Clark, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1979 utafiti wa watu waliopiga simu madukani kuuliza kama mwenye duka anaweza kuwaambia wanafunga saa ngapi. Baadhi ya wenye maduka walitaja saa moja kwa moja. Wengine walisema ndiyo kwanza, kisha wakataja saa: wamejibu swali na wametimiza ombi kwa pumzi moja. "Naweza" ya kaka yangu ilikuwa nusu ya kwanza bila ya pili, na mimi nilipokea nusu nikadhani ni nzima.

Kiswahili kimetupa maneno ya kutofautisha, ila tunayatamka bila kuyasikiliza. Swali hujibiwa "ndiyo", "naweza", "hapana", "siwezi". Ombi hujibiwa "haya", "sawa", "ewaa", "nakuja", "natuma". Yule nesi angesikia kwamba nimesema "haya", angejua palepale kwamba nimesikia ombi, kwa sababu hakuna mtu anayejibu "anameza?" kwa "haya". Nami ningesikia kwamba kaka kasema "naweza" wala hakusema "natuma", ningejua kwamba hela bado iko mfukoni. Siku hizi nasikiliza jibu kuliko swali. Jibu ndilo linalokuonyesha mwenzako amesikia nini.

Upande wa kusema, nimebadilika pia, na nimewabadilisha ndugu zangu. Nikitaka kitendo, sitaji uwezo. Wazee wetu hawakuwahi kuuhitaji kwa adabu. "Unaweza kunipa" imezoeleka kwetu kutoka maofisini na kwenye simu, na sikuwahi kumsikia bibi yangu akiomba hivyo. Yeye alisema "naomba unipe", "nisaidie", "hebu nisogezee", na hakuna aliyemwona hana adabu. Kwa hiyo kwa mama nasema: "Mama, hebu inua mkono." Kwa nesi nasema: "Naomba umwangalie, sauti imelowa." Kwa kaka: "Naomba utume laki leo kwa namba hii."

Nikitaka kujua uwezo, naliweka hapana ndani ya swali lenyewe: "Anameza au hamezi?" "Unaweza kukaa mwenyewe au bado?" Swali lenye milango miwili haligeuki kuwa ombi. Mtu hawezi kulijibu kwa "haya".

Na nikiulizwa mimi, nikaona halieleweki, sitafsiri kichwani tena. Nauliza: "Unataka kujua kama anaweza, au unataka nimpe sasa hivi?" Mara ya kwanza niliona kama namkosea adabu mtaalamu. Nesi wa zamu ya usiku alipoulizwa hivyo aliniangalia, akasema, "Usimpe kitu, nauliza tu," akaenda kuita mwenzake aje kupima. Sekunde nne zilitosha.

Lakini sitaki mtu afikiri kwamba dawa ni kulifuta neno "unaweza". Kuna mahali linakaa vizuri. Mtu akitaja ujuzi bila saa wala kitu mahususi, ni swali, kila mtu analisikia hivyo: unaweza kuogelea, unaweza kuendesha pikipiki. Akitaja kitu kile pale, saa ile, na faida inamrudia yeye mwenyewe, ni ombi: unaweza kunishikia mtoto niingie dukani. Kile kiambishi "ni" ndani ya kitenzi, kunishikia, kunipa, kunisaidia, huelekeza kwenye ombi karibu kila mara, kwa kuwa anayenufaika ni msemaji. Tazama sasa swali la nesi: "kumnywesha". Anayenufaika si yeye wala si mimi, ni mtu wa tatu aliyelala kati yetu. Saa haikutajwa. Kikombe hakikutajwa. Alama zote zilikuwa katikati, nami nikaegemea upande ule ambao moyo wa mtoto unaegemea, upande wa kumfanyia mama kitu.

Tuliruhusiwa siku ya 11. Mpira ulitolewa siku ya tisa, baada ya kupimwa kwa kijiko mara mbili bila sauti kulowa. Nyumbani tulielekezwa uji mzito kuliko maji, kijiko kidogo, mama ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, na kinywa kisafishwe kila baada ya kula ili mabaki yasikae upande usiohisi. Uji wa mtama alioupenda siku zote ukawa mzito wa kutosha wenyewe. Chai ya maji matupu ilingoja wiki tano, na hilo lilimuudhi kuliko mkono.

Wajukuu niliwafundisha kwa kuwaonyesha. Wa miaka minane alikuwa na tabia ya kumuuliza bibi, "Bibi, unaweza kutembea?" kila akirudi shule, na mama anajibu "naweza" bila kuinuka mkekani, na mtoto anaondoka ameridhika. Nilimwambia aseme, "Bibi, twende mpaka mlangoni," kisha ampe bega. Siku ya kwanza walikwenda hatua nne. Mama akaketi, akapumua, akaniambia, "Huyu ndiye anayejua kunisemesha."

Zoezi la mikono tunalifanya kila jioni, baada ya swala ya alasiri, jua likiwa limehamia nyuma ya mwembe. Anaketi kwenye kiti cha mbao chenye mgongo, ananyoosha mikono, viganja juu, anafumba macho. Mimi nahesabu kwa sauti, naye anafuatisha midomo bila kutoa sauti. Kiganja cha kushoto bado kinageuka, ila kinachelewa. Alipotoka hospitali kilikuwa kinaanguka kwenye tano. Jana kimefika saba.